Sardini, heringi na makereli: yupi ana omega-3 nyingi, na ule mara ngapi kwa wiki

Swali: "Habari za kazi mtaalamu. Nina ujauzito wa miezi minne, uzazi wangu wa kwanza. Kliniki nimeambiwa nile samaki wenye mafuta kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Samoni simpati. Ninaowapata ni samaki wadogo: sardini wa kopo, anchovi, heringi, makereli, na dagaa wakavu. Yupi kati yao ana omega nyingi zaidi, na nile mara ngapi kwa wiki? Kuna wanaoniambia nile kila siku, na kuna wanaonitisha kuhusu zebaki. Na mume wangu naye ale kama mimi?"

Jibu:

Hongera sana dada, na Mungu akujalie ujifungue salama. Jibu fupi ni hili: kula samaki wenye mafuta milo miwili kwa wiki, kila mlo uwe na gramu 140 hivi za samaki aliyekwisha kuiva, na usizidishe hapo. Kwa utajiri wa omega-3, heringi na makereli ndio wanaoongoza, anchovi mbichi anawafuata kwa karibu, na sardini wa kopo yuko nyuma yao kidogo lakini anakutosha kabisa. Dagaa wakavu nina neno nao, nitalifikia. Wala usisikitike kumkosa samoni, maana heringi anamfikia, na kwa upande wa zebaki sardini ni miongoni mwa samaki salama kuliko wote.

Sasa nikueleze sababu, kwa kuwa ukizijua utaweza kujiamulia mwenyewe siku utakapokutana na samaki ambaye hapa sikumtaja.

Kinachotafutwa ndani ya samaki ni asidi mbili za mafuta, EPA na DHA. Hayo ndiyo majina utakayoyasoma kwenye lebo. Zote mbili ni za ukoo wa omega-3, na kwa mjamzito DHA ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu ndiyo inayojenga utando wa seli za ubongo na wa nyuma ya jicho la mtoto. Mtoto huivuta kwa wingi hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Wewe bado uko mwezi wa nne, kwa hiyo huu ndio wakati mzuri wa kuweka akiba, ili atakapoanza kuvuta aikute.

Kuna omega-3 nyingine ya mimea, iitwayo ALA, ambayo imo kwenye mbegu za kitani na za chia. Watu wengi hudhani ni kitu kilekile. Mwili wa binadamu huweza kuigeuza ALA kuwa EPA na DHA, lakini kwa kiasi kidogo mno, na kinachofikia kuwa DHA mara nyingi hakizidi asilimia moja au mbili. Samaki naye hajitengenezei nyingi. Watengenezaji ni viumbe wadogo sana kama mimea wanaoelea majini, planktoni, ambao huliwa na samaki wadogo, na samaki wadogo huliwa na wakubwa. Ndiyo maana sardini, aliye karibu kabisa na chanzo, hana haja ya kuwa mkubwa ili awe tajiri.

Twende kwenye hesabu. Nitakupa jumla ya EPA na DHA katika gramu 100, kwa takwimu za hifadhidata ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo wataalamu wa lishe huitumia sana. Heringi wa Atlantiki aliyepikwa ana gramu 2 hivi, na samoni wa kufugwa ana kiasi hichohicho. Makereli wa Atlantiki anaonekana na gramu 2.3 akiwa mbichi, lakini sampuli iliyopikwa imesoma gramu 1.2. Anchovi mbichi ana kama gramu 1.4. Sardini wa kopo la mafuta, baada ya kuchujwa, ana karibu gramu 1. Linganisha na jodari mwepesi wa kopo la maji, anayesifiwa sana, ambaye ana kama robo gramu tu, au perege ambaye hafikii hata gramu 0.2. Jodari wa kopo ni chakula kizuri chenye protini, ila mtu anayemla kwa ajili ya omega-3 anahitaji makopo mengi ili alipate kopo moja la sardini.

Je, umeiona tofauti ya makereli, 2.3 na 1.2? Hilo si kosa la mtu. Kupika kwenyewe hakupotezi nusu ya mafuta. Hao ni samaki tofauti waliopimwa nyakati tofauti. Samaki wa jamii hii hunona na kukonda kwa msimu. Wakati planktoni ni wengi wanajaza mafuta mwilini, na wakishataga wanabaki wakavu. Heringi huweza kushuka hadi asilimia chache sana za mafuta na kupanda kupita asilimia 20 katika mwaka uleule. Kwa hiyo nikikupa tarakimu, ichukue kama wastani. Samaki ulionao mkononi ana hali yake.

Ipo njia ya kumpima jikoni. Mchemshe bila kuongeza mafuta yoyote, katika maji kidogo na chumvi na ndimu. Aliyenona ataacha juu ya mchuzi duara ndogondogo za mafuta ya rangi ya dhahabu. Mimina mchuzi huo kwenye bakuli, uweke kwenye friji usiku kucha. Mafuta ya nyama ya ng'ombe yangeganda yakawa meupe na magumu. Haya ya samaki yatabaki majimaji, au yatakuwa mazito kidogo tu. Sifa hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na asidi hizihizi za omega-3, ambazo hazigandi upesi kwenye baridi. Kama mchuzi wako hauna duara hata moja, samaki huyo amekonda, na omega-3 yake ni haba hata kama jina lake ni makereli. Na usiumwage mchuzi, maana sehemu ya ulichokitafuta imo humo.

Neno "dagaa" nalo linahitaji uangalifu, kwa kuwa lugha yetu inawaita hivyo samaki wadogo wa aina nyingi. Wamo wa jamii ya sardini, wamo wa jamii ya anchovi, na wamo wa maji baridi ambao hawana undugu na hao wawili. Wote hula planktoni na wote wana EPA na DHA, lakini kiasi kinategemea unono wao. Aliyekonda amekonda, awe wa bahari au wa ziwa. Wanapoliwa wazima, kichwa na vyote, wana faida ya ziada: ubongo na macho ya samaki yana DHA, na mifupa yao laini hukupa kalsiamu, ambayo nayo unaihitaji sasa.

Turudi kwenye sahani yako. Kamati ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, FAO na WHO, iliyokutana mwaka 2008 ilipendekeza mjamzito apate angalau miligramu 300 za EPA na DHA kwa siku, na ndani yake DHA isipungue miligramu 200. Tuchukue samaki unayempata kwa urahisi, sardini wa kopo. Gramu 100 zake zina DHA nusu gramu na ushei. Mlo wa gramu 140 unakupa gramu 0.7. Milo miwili ni gramu 1.4, na ukigawanya kwa siku saba unapata miligramu 200 kwa siku. Ukijumlisha na EPA, unafika karibu miligramu 390. Kwa hiyo milo miwili ya sardini kwa wiki, peke yake, inalitimiza pendekezo lile. Ukibadilisha mlo mmoja ukaweka heringi, hata mambo ni mazuri zaidi, kwa sababu mlo mmoja tu wa heringi wa gramu 140 unakupa wastani wa DHA miligramu 220 kwa siku kwa wiki nzima.

Wengi hukosea hapa kwenye gramu 140. Kopo la kawaida la sardini huandikwa gramu 125, lakini huo ni uzito wa samaki pamoja na mafuta au mchuzi. Tafuta kwenye lebo uzito wa samaki baada ya kuchujwa, na mara nyingi utakuta ni gramu 90 hivi. Yaani kopo moja si mlo mzima, bali ni theluthi mbili ya mlo. Unahitaji kopo moja na nusu kwa mlo, makopo matatu kwa wiki. Mama anayeniambia anakula kopo moja kila Jumapili akidhani amemaliza, kwa kweli amepata theluthi moja tu ya lengo.

Na kwa nini ninahesabu kwa wiki badala ya siku? Kwa sababu EPA na DHA si kama vitamini C, ambayo ikizidi hutoka upesi kwenye mkojo. Huingia kwenye utando wa seli na kwenye mafuta ya mwili na kukaa humo. Seli nyekundu ya damu huishi kama siku 120, na kiwango cha omega-3 ndani yake hubadilika polepole, kwa wiki na miezi. Kula Jumanne na Ijumaa, au Jumatano na Jumapili, ni sawasawa. Wanaokuambia ule kila siku wana nia njema, lakini hawakuongezei kitu ambacho mtoto anakikosa.

Tena kuna sababu ya kutozidisha. Mamlaka za afya za Uingereza zinawashauri wajawazito, wanaonyonyesha, wasichana na wanawake wanaotarajia kuzaa siku za mbele wasipite milo miwili ya samaki wenye mafuta kwa wiki, kila mlo gramu 140. Tatizo wanaloliangalia hapo ni dioksini na kemikali za jamii yake, takataka za viwandani ambazo huyeyuka kwenye mafuta na kukaa mwilini miaka mingi, kisha humfikia mtoto. Mlo mmoja wa ziada hautakudhuru. Kinachotazamwa ni mazoea ya miaka. Marekani wao wanamwambia mjamzito ale samaki wenye zebaki kidogo, gramu 225 hadi 340 kwa wiki. Gramu 280 za milo yako miwili zimo ndani ya ushauri wa nchi zote mbili, ndiyo maana nimekutajia kiasi hicho kwa uhakika.

Zebaki yenyewe hukusanyika kadiri samaki anavyoishi miaka mingi na kadiri anavyokula samaki wengine. Sardini huishi miaka michache tu na hula planktoni, hivyo hapati muda wa kujaza. Katika vipimo vilivyochapishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wastani wa sardini ni sehemu 0.013 katika milioni, anchovi 0.016, makereli wa Atlantiki 0.05 na heringi 0.078. Makereli mfalme, yule mkubwa mrefu, ana 0.73, zaidi ya mara hamsini ya sardini. Kwa hiyo anayekutisha ana hoja, ila ameielekeza kwa samaki asiyehusika. Miongoni mwa wa kuwaepuka katika ujauzito ni papa, samaki upanga na makereli mfalme. Jina "makereli" likikuchanganya, angalia umbo: mdogo anayeingia mzima kwenye sufuria, huyo mle; anayeuzwa kwa vipande vikubwa vya duara muulizie kwanza.

Sasa upishi, kwa kuwa ninaona omega-3 nyingi zikipotea jikoni kuliko kwenye uchaguzi wa samaki. Moto wa kawaida wa kuchemsha, kuoka au kupika kwa mvuke hauziharibu sana. Kukaanga kwa kuzamisha kwenye mafuta ndiko kunakoleta hasara, na samaki mdogo ndiye anayeumia zaidi. Akizama kwenye mafuta ya alizeti yaliyochemka, maji yake hutoka, sehemu ya mafuta yake mwenyewe hutoka nayo kuingia kwenye karai, na mafuta ya karai huingia mahali pake. Kwa kuwa ni mdogo na mwembamba, karibu mwili wake wote uko karibu na uso, hivyo mabadilishano hayo hufika hadi ndani. Unaishia kula samaki mkavu aliyelowa mafuta ya alizeti, na omega-3 yako imebaki kwenye karai. Kama unapenda ladha ya kukaanga, mpake mafuta kidogo umgeuzegeuze kwenye kikaango kwa dakika chache, upate ukoko bila kumzamisha.

Wa kopo amepikwa ndani ya kopo lililofungwa lisilo na hewa, kwa hiyo mafuta yake yametunzwa vizuri. Aliyehifadhiwa ndani ya mafuta ya mimea huachia sehemu ya omega-3 yake humo, na ukiyamwaga unaimwaga pia. Wa maji au wa mchuzi wa nyanya hubaki na zake kwa wingi zaidi, na mchuzi wa nyanya unaweza kuupika wote. Anchovi wa kopo dogo waliokolezwa chumvi usiwahesabu kabisa kama mlo: kufika gramu 140 za wale ni kula chumvi kupita kiasi, na presha yako sasa inalindwa. Watumie vipande viwili vitatu kama kiungo. Anchovi mbichi ni habari nyingine, huyo mle kama sardini.

Nimefika kwa dagaa wakavu. Kukausha huondoa maji, hivyo kwa uzito ungetegemea omega-3 ziwe nyingi zaidi kuliko kwa mbichi. Na zingekuwa hivyo, kama si hewa. Mnyororo wa DHA una sehemu sita dhaifu ambazo oksijeni huzishambulia, na jua, joto na hewa kwa siku kadhaa hufanya kazi hiyo bila kizuizi. Kadiri dagaa alivyokuwa amenona, ndivyo anavyochacha upesi. Hapo hasara ni mbili: DHA imevunjika, na vipande vyake vilivyobaki ndivyo vinavyotoa ile ladha kali.

Mchukue dagaa mmoja mkavu umwangalie chini ya mwanga. Aliye mzima ana mng'ao wa fedha ubavuni na tumbo lake ni la kijivu au jeupe. Aliyechacha ana tumbo na mashavu ya rangi ya njano iliyokoza au kahawia kama kutu. Mvunje katikati umnuse. Harufu ya samaki ni sawa. Harufu inayofanana na rangi ya mafuta ya kupaka ukutani, inayowasha nyuma ya koo, ni ya mafuta yaliyochacha. Kumwosha na kumkaanga na vitunguu kutaificha harufu, lakini hakutairudisha DHA. Dagaa wakavu wazuri endelea kuwala kwa protini, kalsiamu na chuma, uwahifadhi kwenye chombo kilichofungwa mahali penye giza na baridi, ila kwenye hesabu ya milo miwili ya omega-3 mimi siwaingizi.

Kwa wale wabichi, hasa makereli na sardini, hakikisha wamekaa kwenye barafu tangu wavuliwe. Wakiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kupikwa. Ukitafuna ukahisi ulimi unawasha kama umeonja pilipili ambayo hukuiweka, tema na uache. Uso kuwaka, kichwa kugonga na mapigo ya moyo kwenda mbio ndani ya saa moja baada ya kula ni dalili za kwenda kituo cha afya.

Ukifika wiki ambazo samaki hapandi kabisa kwa kichefuchefu, zungumza na mkunga wako juu ya vidonge vyenye DHA. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 70, yalionyesha kuwa wanawake walioongezewa omega-3 wakati wa ujauzito walijifungua kabla ya wiki 37 kwa nadra kidogo kuliko wasioongezewa, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa kujifungua kabla ya wiki 34. Ila chunga sana jambo moja: usinywe mafuta ya ini la samaki. Yana vitamini A nyingi, na vitamini A ikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni. Vidonge vya mafuta ya mwili wa samaki au vya mwani ni tofauti na hivyo, na lebo itakuambia ni vipi.

Mume wako yeye ana nafasi kubwa kuliko wewe. Milo miwili inamtosha, na kwa ushauri uleule wa Uingereza mwanamume anaweza kufika milo minne kwa wiki. Muulize kitu kimoja tu: kama amewahi kupata jongo, ule uvimbe wa ghafla wenye maumivu makali kwenye kidole gumba cha mguu. Sardini, anchovi na heringi wana purini nyingi, ambazo mwili huzigeuza kuwa asidi ya yuriki, na kwa mwenye jongo huweza kuamsha maumivu. Kama analo, aongee na daktari wake kabla ya kupangiwa sahani kama yako.